Wadi 85 na I ya Moran: kisa cha ramani ya kusoma Nairobi

Kisa hiki ni cha shirika linaloendesha masomo ya ngumbaru jijini Nairobi. Jina la shirika, wadi zenyewe na mwaka wa utafiti vimeondolewa, na tarakimu zimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Kwa hiyo usizichukue kuwa takwimu rasmi za wadi yoyote. Zimebaki zikilingana zenyewe kwa zenyewe, na anayetaka anaweza kuzikokotoa upya kwa kalamu.

Usuli

Kaunti ya Nairobi ina maeneo bunge 17, na kila moja lina wadi tano, jumla 85. Shirika lilikuwa limehoji watu wazima 12,750 katika wadi zote, wastani wa watu 150 kwa wadi. Kila aliyehojiwa alipewa kadi yenye sentensi fupi aisome. Aliyeisoma yote alihesabiwa anajua kusoma, na aliyeshindwa alihesabiwa hajui. Kwa jumla, asilimia 9 walishindwa.

Pesa za awamu mpya zilikuwa njiani na njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kujenga vituo vichache vikubwa, kila kimoja kikihudumia wadi kadhaa zinazopakana. Ya pili ni kufungua madarasa madogo, moja kwa kila wadi yenye hali mbaya, popote ilipo. Njia ya kwanza ina maana ikiwa wadi zenye wasiosoma wengi zinapakana. Kama zimetawanyika hovyo, kituo kikubwa kitakuwa karibu na wadi moja yenye uhitaji na nyingine nne zisizokihitaji.

Mkuu wa mradi alimpa mchambuzi wa takwimu swali moja: je, wadi jirani zinafanana kuliko ambavyo bahati tu ingezifananisha? Kitaalamu hiyo ndiyo otokorelesheni ya kimaeneo, na kipimo cha jumla kinachotumika zaidi ni I ya Moran, nambari inayopanda kadiri majirani wanavyofanana, kilichotokana na makala ya Patrick Moran ya mwaka 1950. Mimi niliingia baadaye, nilipoombwa kusoma rasimu ya ripoti kabla haijapelekwa kwa mfadhili.

Hesabu ya kwanza

Mchambuzi alianza kwa kuamua nani ni jirani ya nani. Alichagua kanuni ya malkia, kama kete ya sataranji: wadi mbili ni jirani zikigusana kwa mpaka au hata kwa kona. Kisha akagawa uzito sawasawa. Wadi yenye majirani watano inampa kila mmoja moja ya tano, kwa hiyo kinacholinganishwa ni thamani ya wadi na wastani wa majirani zake.

```
from libpysal.weights import Queen
from esda.moran import Moran

w = Queen.from_dataframe(wadi, use_index=False)
w.transform = "r"
m = Moran(wadi["kiwango"], w, permutations=999)
print(m.I, m.EI, m.p_sim)
```

Alipata I ya 0.11 na thamani ya p ya 0.031. Thamani inayotarajiwa kama hakuna mpangilio wowote si sufuri kamili bali ni hasi moja juu ya idadi ya wadi kutoa moja, yaani −1/84, karibu −0.012. Jambo hili dogo huwapita wengi. Kwa wadi 85 halina uzito, lakini ukifanya hesabu hiyo kwa maeneo bunge 17, matarajio yanakuwa −0.0625, na hapo I ya sufuri tayari iko juu ya matarajio.

Jinsi p ilivyosomwa

Rasimu iliandika hivi, ikitaja Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya jiji: "Kuna uhakika wa asilimia 97 kwamba wasiojua kusoma wamejikusanya Eastlands." Sentensi hiyo moja ina makosa matatu, na kila moja lingepeleka pesa mahali tofauti.

Tuanze na "uhakika wa asilimia 97". Tarakimu 0.031 ilitoka hivi: programu ilichukua viwango 85 ikavitawanya upya kwenye ramani bila mpango, mara 999, na kila mara ikakokotoa I. Katika mitawanyo 30, I ilifikia 0.11 au kuipita. Halafu ramani halisi nayo inahesabiwa kama mpangilio mmojawapo, ndiyo maana ni (30+1)/(999+1). Kwa hiyo p inasema: kama viwango hivi vingekuwa vimepangwa kiholela, ramani yenye mfanano kama huu ingetokea karibu mara tatu katika mia. Haisemi kuna uwezekano wa asilimia 97 kwamba mkusanyiko upo. Mkuu wa mradi aliuliza swali hilo kikaoni, na mchambuzi akamjibu vizuri kuliko ripoti yake: "Madam, hiyo 0.031 inaanza kwa kukubali kwamba mkusanyiko haupo. Sasa haiwezi tena kutuambia mkusanyiko upo kwa asilimia ngapi."

Pili, tarakimu yenyewe si ya pande zote mbili. `p_sim` hutazama upande mmoja tu, upande ambao I imeangukia. Kwa swali hili hilo si kosa, maana shirika lilitaka kujua kuhusu mfanano tu na lilisema hivyo kabla ya kuhesabu. Lakini rasimu ilijilinganisha na kikomo cha 0.05 cha pande mbili, na kwa pande mbili jibu lingekuwa karibu 0.06. Tena, kwa mitawanyo 999, p ya eneo hilo huyumba. Mchambuzi aliporudia kwa mbegu nyingine za nasibu alipata 0.036, kisha 0.027. Hakuna kilichoharibika, ni kuyumba kwa kawaida, lakini asiandike mtu tarakimu tatu baada ya nukta kana kwamba zimechongwa kwenye jiwe.

Tatu, neno "Eastlands". Kipimo cha jumla hutoa nambari moja kwa ramani nzima. Hakijui Eastlands iko wapi. Hakijui hata kama kinachojikusanya ni wasiosoma au wanaosoma: kundi la wadi za upande wa Karen na Lang'ata ambako karibu kila mtu anasoma linaweza peke yake kuipandisha I. Aliyeandika "Eastlands" aliitoa kwenye rangi za ramani iliyokuwa ukutani, akaipa ushahidi wa p ambayo haikuhusika nayo.

Kuna usomaji mwingine wa 0.11 ambao ulinisaidia zaidi kuliko p. Uzito ukigawanywa kama ulivyogawanywa hapa, I ni mteremko wa mstari: wadi ikiwa pointi 10 za asilimia juu ya wastani wa jiji, majirani zake kwa wastani wanatarajiwa kuwa pointi 1.1 juu. Huo ni mfanano mwembamba. Anayejua jiji hatashangaa. Mathare na Muthaiga zimetenganishwa na Thika Road tu, Kibra imepakana na mitaa ya Lang'ata, na kila mpaka wa aina hiyo huishusha I.

Wadi zenye watu wachache

Hata hivyo ramani ilionekana kuwa na mpangilio mzito kuliko 0.11, nami nikauliza idadi ya waliohojiwa kwa kila wadi. Wastani ulikuwa 150, lakini wadi moja ilikuwa na 45 na nyingine 410. Sababu zinajulikana kwa yeyote aliyewahi kubeba dodoso Nairobi. Kwenye mitaa ya magorofa, askari wa geti hakufungulii. Kwenye wadi za karibu na viwanda, mchana watu wazima wako kazini.

Katika wadi ya watu 45, wanne wakishindwa kusoma kiwango ni asilimia 8.9. Wakishindwa saba, ni asilimia 15.6. Watu watatu tu wamegeuza rangi ya wadi kwenye ramani. Kwa kiwango cha asilimia 9, mkengeuko wa bahati ya sampuli ni pointi 4.3 kwa wadi ya watu 45, na pointi 1.4 kwa wadi ya watu 400. Tofauti za kweli kati ya wadi, kama tutakavyoona, zilikuwa na mkengeuko wa pointi 5 hivi. Kwa hiyo katika wadi ndogo kelele ya sampuli ilikaribia ukubwa wa kitu chenyewe kinachopimwa.

Hilo linaathiri mambo mawili. Kwanza, kelele haina ujirani, kwa hiyo inaizimua I kuelekea sufuri. Kama nusu ya tofauti zinazoonekana ni kelele, I itaonekana karibu nusu ya ilivyo. Pili, linagusa p yenyewe. Kutawanya viwango upya kunachukulia kwamba thamani yoyote ingeweza kuangukia wadi yoyote. Lakini kiwango kilichotoka kwa watu 45 na kile kilichotoka kwa watu 410 havibadilishani nafasi kwa haki, kwa sababu kimoja kinayumba na kingine kimetulia. Hivyo p ya 0.031 ilijibu swali kuhusu ramani ambayo wadi zote zina idadi moja ya waliohojiwa, nayo si ramani hii.

Dawa ipo, na ilipendekezwa na Assunção na Reis mwaka 1999. Kabla ya kutawanya, kila kiwango hugeuzwa kuwa umbali wake kutoka wastani wa jumla, ukigawanywa kwa mkengeuko unaozingatia idadi ya watu wa wadi hiyo. Wadi ya watu wachache inapewa mkengeuko mkubwa, hivyo sauti yake inapungua. Katika maktaba ya `esda` kazi hiyo inafanywa na `Moran_Rate`, ambayo huomba hesabu mbili: waliotukiwa na jambo, na wote waliohojiwa.

Waliohesabiwa walikuwa kinyume

Hapa ndipo kisa hiki kinastahili kuandikwa. Mchambuzi aliingiza idadi ya wanaojua kusoma, na ilikuwa busara ya kawaida kwa sababu ripoti ilihusu kiwango cha kusoma. Jibu likashuka: I ya 0.06, p ya 0.148. Mfadhili angeambiwa hakuna ushahidi wa mkusanyiko, na kwa kuwa mbinu ilikuwa ya kitaalamu zaidi kuliko ya kwanza, hakuna ambaye angeihoji.

Kwa I ya kawaida haijalishi unahesabu wanaosoma au wasiosoma. Kiwango kimoja ni mia kutoa kingine, ishara za tofauti zinageuka zote, na zidisho la hasi kwa hasi linarudi palepale. Mchambuzi aliamini hilo litashika na huku pia. Halishiki. Fomula ya Assunção na Reis imejengwa kwa matukio adimu, ambayo mraba wa mkengeuko wa bahati wa kiwango ni kiwango chenyewe kugawanya kwa idadi ya watu. Kwa jambo la asilimia 9 hilo ni makadirio mazuri: kweli ni 0.09 × 0.91 kugawanya kwa watu, nayo inatumia 0.09. Kwa jambo la asilimia 91 inatumia 0.91 mahali pa 0.0819, mara kumi na moja zaidi ya kweli.

Tazama kinachotokea. Wastani wa miraba ya tofauti za viwango na wastani wa jumla, ukipimwa kwa idadi ya watu, ulikuwa 0.0031. Programu inaondoa sehemu ya bahati ili ibaki sehemu ya kweli. Ukihesabu wasiosoma, sehemu ya bahati ni 0.09/150 = 0.0006, na inabaki 0.0025. Kipeuo chake cha pili ni 0.05, ndizo zile pointi 5. Ukihesabu wanaosoma, sehemu ya bahati inakuwa 0.91/150 = 0.00607, na kinachobaki ni −0.00297. Mraba wa mkengeuko hauwezi kuwa hasi, lakini programu haisimami. Inaendelea kujumlisha hasi hiyo na 0.91 kugawanya kwa watu wa kila wadi. Jumla ikitoka hasi, inaitupa na kutumia ile sehemu ya bahati peke yake.

Matokeo yake ni kituko. Wadi yenye watu 300 inapata 0.003033 − 0.002967, karibu 0.00007, ambayo mkengeuko wake ni 0.008. Ikiwa iko pointi 6 mbali na wastani, inahesabiwa kuwa mbali mara saba na zaidi ya mkengeuko. Wadi yenye watu 307 jumla yake inatoka hasi, inatupwa, mkengeuko unarudi 0.054, na pointi zile zile 6 zinakuwa mara 1.1 tu. Watu saba wa tofauti kwenye dodoso wanaipa wadi moja sauti ya saba na nyingine ya moja.

Ndivyo kosa lilivyoonekana. Nilimwomba mchambuzi achore mchoro wa Moran, wenye thamani ya wadi kwenye mhimili wa chini na wastani wa majirani kwenye mhimili wa wima. Wadi karibu zote zilikuwa kati ya −2 na 2, na moja imekaa peke yake kwenye 7. Wadi hiyo haikuwa na kiwango cha ajabu, bali ilikuwa na watu 300. Anayetazama I na p tu hana njia ya kuliona hilo.

Alipogeuza na kuhesabu wasiosoma:

```
from esda.moran import Moran_Rate

mr = Moran_Rate(wadi["hawasomi"], wadi["waliohojiwa"], w,
                permutations=9999)
```

I ikawa 0.19. Katika mitawanyo 9,999, kumi ndiyo iliyoifikia, kwa hiyo p ni 11/10,000 = 0.0011. Idadi ya mitawanyo iliongezwa kwa sababu: kwa 999, p ndogo kabisa inayowezekana ni 0.001, na jibu lingegonga sakafu. Anayelinganisha p mbili zilizogonga sakafu halinganishi chochote.

Wahojaji nao wana majirani

Kabla ya kushangilia kulikuwa na swali la mwisho. Wahojaji walipangwa kwa maeneo bunge, timu moja kwa wadi tano zinazopakana. Timu moja ikiwa na huruma, ikimkubali aliyesoma nusu ya sentensi, wadi zake tano zitapanda pamoja. I itapanda na p itashuka, na yote yatakuwa kweli kuhusu wahojaji badala ya wasomaji. Hakuna kutawanya upya kunakoweza kutenganisha mambo hayo.

Mchambuzi alijaribu njia rahisi. Alibakiza ujirani unaovuka mpaka wa timu tu, na kuziacha nje wadi ambazo majirani zake wote walikuwa wa timu moja nazo. I ikawa 0.15 na p 0.06. Wengine wangesema umuhimu wa kitakwimu umepotea. Sikukubali usomaji huo. Jozi za majirani zimepungua zaidi ya nusu, hivyo I ya nasibu inayumba zaidi na p lazima ipande hata kama hakuna kilichobadilika kwenye jiji. Cha kutazama ni kwamba 0.15 haiko mbali na 0.19. Kama timu ndizo zilizotengeneza mpangilio wote, ingeporomoka kuelekea sufuri. Hata hivyo haikuwezekana kusema timu hazikuchangia kitu.

Uamuzi na matokeo

Ripoti iliandikwa upya. Badala ya asilimia 97 na Eastlands, ilisema viwango vya kutojua kusoma vya wadi jirani vinafanana kuliko mpangilio wa nasibu ungetoa (I 0.19, p 0.0011, mitawanyo 9,999, upande mmoja, kanuni ya malkia), kwamba mfanano huo si mkubwa, na kwamba sehemu yake inaweza kuwa ya timu za wahojaji.

Vituo vikubwa havikufutwa wala havikupewa jiji zima. Shirika lilikubali kituo cha pamoja pale tu ambapo wadi mbili au zaidi zinazopakana zote zilizidi asilimia 15 na zilikuwa na waliohojiwa wasiopungua 150 kila moja. Kwingine ni darasa la wadi. Mkuu wa mradi alilalamika kwamba kanuni hiyo haina I ya Moran ndani yake, na kweli haina. Kipimo cha jumla kiliruhusu swali la vituo vya pamoja liendelee kuulizwa. Kuchagua mahali kulihitaji kutazama wadi zenyewe.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuuliza idadi ya waliohojiwa kabla ya kubishana juu ya p, na kuchora mchoro wa Moran kila mara nambari ilipobadilika. Kuandika upande wa jaribio mapema pia kulisaidia, kwani bila hivyo 0.031 na 0.06 zingegeuka ubishi wa nani anataka nini.

Kilichoshindwa zaidi ni kuamini kwamba mbinu iliyosahihisha tatizo moja haina masharti yake. `Moran_Rate` ilitumika kwa jambo la asilimia 91 bila onyo lolote kwenye skrini. Hata ikihesabu wasiosoma, bado inachukua asilimia 9 ya jiji zima kama msingi wa kelele ya kila wadi, ilhali wadi yenye asilimia 2 ina kelele ndogo zaidi ya hiyo. Pia inachukulia watu wamechaguliwa mmoja mmoja. Hapa walichaguliwa nyumba kwa nyumba katika vitalu vichache, na watu wa nyumba moja hufanana kusoma, hivyo kelele ya kweli ni kubwa kuliko fomula inavyodhani. Kwa sababu hiyo ningeisoma 0.0011 kama "ndogo sana" na si zaidi.

Tatizo la timu halikutatulika kwenye kompyuta. Kwa awamu ijayo wahojaji watachanganywa ili kila wadi ifikiwe na angalau timu mbili, na baadhi ya wadi zimewekewa saa za jioni na Jumapili ili zifike watu 150. Msimamizi wa kazi ya nje alishakadiria nauli ya ziada, na mabishano yaliyobaki ni kama geti za Kilimani zitafunguka Jumapili.